Muhuri ukikaa juu ya maneno: mambo ya kuzingatia kabla ya kunakili barua rasmi

Kabla hujaandika neno la kwanza, hakikisha picha uliyonayo ni ya rangi. Nakala ya nyeusi na nyeupe hugeuza muhuri wa zambarau na herufi zilizochapwa kuwa weusi mmoja, na hapo hakuna ustadi utakaozitenganisha. Omba barua halisi, au skani ya rangi ya angalau nukta 300 kwa inchi. Penye maandishi madogo, 600.

Kisha amua utatazama rangi ipi. Programu nyingi za picha hugawa picha katika sehemu tatu: nyekundu, kijani na bluu. Wino hufifia katika sehemu inayofanana na rangi yake, huku herufi nyeusi zikibaki palepale. Kwa hiyo muhuri mwekundu utafifia katika sehemu nyekundu, na wa bluu katika sehemu ya bluu. Ukitaka kusoma muhuri wenyewe, fanya kinyume: wa zambarau hukolea zaidi katika sehemu ya kijani.

Chukua barua inayosema likizo inaanza “tarehe 1_ Machi”, na duara la muhuri wa zambarau limepita juu ya tarakimu ya pili. Kwa macho ni 8, lakini huenda ni 3 iliyofungwa na mstari wa muhuri. Katika sehemu ya bluu duara linafifia, na upande wa kushoto wa tarakimu bado ni mweusi na umefungika. Mbele kidogo barua inataja siku 14 zinazoisha tarehe 31. Kuhesabu kuanzia tarehe 18, siku ya kwanza na ya mwisho zikiwemo, kunaleta 14 kamili. Andika 18. Kama ungekuwa na hesabu tu bila kuiona tarakimu, ningekusihi uandike 1[8?], kwa sababu hata mwandishi wa barua huweza kukosea hesabu.

Saini na mihuri ya wino mweusi ni kazi ngumu zaidi, maana rangi haisaidii. Shika karatasi halisi na uilaze chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni: maandishi ya printa ya leza hukaa juu ya karatasi na mara nyingi hung’aa kidogo, ilhali wino wa muhuri huzama. Mwanga huohuo huonyesha muhuri wa kubonyeza usio na wino, ambao skena huweza kuukosa kabisa.

Panga mapema pia mahali pa kuweka kila kitu. Maneno ya muhuri yasiingie katikati ya sentensi ya barua. Yaandike chini ya aya katika mabano ya mraba, pamoja na mahali ulipogongwa: [Muhuri wa duara, juu ya mstari wa 4: IMEPOKELEWA 20 FEB]. Tarehe hiyo ni ya kupokelewa, isichukue nafasi ya tarehe ya barua. Saini iandikwe [saini] tu. Jina lililochapwa chini yake linakiliwa lilivyo, lakini mikunjo ya kalamu usiigeuze kuwa jina. Na pasiposomeka, andika [haisomeki: neno 1].