Akaunti ya Chama Kabla Haijalala: Mambo ya Kuangalia Mapema

Kama chama chenu kina akaunti benki na hakuna aliyeigusa tangu mwaka jana, soma hii kisha uwapigie wenzako simu leo hii. Nimekaa na akina mama waliotafuta pesa zao wenyewe kwa muda mrefu kuliko waliotumia kuzichanga, na karibu kila kilichowachelewesha kingezuilika mapema kwa kikao kimoja na safari moja ya benki. Ninayoeleza hapa ni ya Kenya. Nchi nyingine zina sheria zao.

Kwanza elewa kwamba akaunti hulala kwa hatua mbili, na kila hatua ina dawa yake. Hatua ya kwanza ni ya benki yenyewe. Kila benki ina muda wake, mara nyingi kati ya miezi sita na mwaka mmoja, na ukipita bila mwenye akaunti kuweka wala kutoa, mfumo unaifunga. Pesa zipo, lakini hazitoki kwa simu wala kwa kadi. Hapo kazi ni ndogo: waweka saini waende tawini na vitambulisho, wajaze fomu ya kuifufua, wasasishe namba za simu, kisha waweke au watoe kiasi kidogo siku hiyohiyo. Msiondoke kaunta kabla muamala huo haujapita, kwa sababu fomu iliyobaki kwenye faili haijafufua chochote.

Hatua ya pili ni ya sheria. Sheria ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa ya mwaka 2011 inasema akaunti ya benki ikikaa miaka 5 bila mwenyewe kuigusa, inahesabiwa kuwa imetelekezwa. Benki hufunga hesabu ya mali za aina hiyo kila tarehe 30 Juni, na kufikia tarehe 1 Novemba inatakiwa iwe imeziripoti na kuzipeleka kwa mamlaka ya serikali ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake, UFAA. Pesa bado ni zenu na haki ya kuzidai haiishi. Ila kuanzia hapo benki haina tena cha kuwapa, na meneja wa tawi hata akiwa jirani yenu hawezi kuzirudisha kwa kubonyeza kitufe.

Watu wengi hukosea hesabu ya hiyo miaka 5. Wanaona kwenye taarifa ya akaunti riba imeingia Desemba na makato yamekatwa kila mwezi, wanasema akaunti inatembea. Haitembei. Riba na makato ni kazi ya benki, si yenu. Kinachohesabika ni nyinyi kuweka, kutoa, au kuiandikia benki kuhusu akaunti hiyo. Amana ya muda maalumu inayojirudia yenyewe kila ikiiva ina mtego uleule: inaonekana hai kwa sababu namba zinabadilika, kumbe hakuna mtu aliyezungumza na benki tangu siku ilipofunguliwa.

Mambo ya wazi nayapitia haraka. Wekeni hata shilingi mia kila baada ya miezi michache, na risiti ibandikwe kwenye daftari la chama. Anwani ya posta iwe ya chama, isiwe ya mwanachama mmoja. Namba ya simu iliyo benki iwe laini inayotumika, maana laini ikikaa kimya muda mrefu kampuni huifunga na baadaye kumpa mtu mwingine, na ujumbe wa benki yenu utakuwa unasomwa na mgeni. Cheti cha usajili wa kikundi kisiachwe kikaisha muda.

Sasa waweka saini. Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoona watu wakiumia.

Ni kikundi cha wanawake upande wa Voi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia barua zao. Walikuwa wakikodisha viti na mahema kwa harusi na matanga. Walitoa pesa mara ya mwisho Machi 2016, wakabakiza shilingi 94,000 wakisema hizo ni za dharura, zisiguswe. Hazikuguswa kweli. Maagizo waliyoipa benki walipofungua akaunti yalisema saini mbili zinatosha, lakini moja lazima iwe ya mwenyekiti. Mwenyekiti akafariki 2018. Katibu akapata kazi Oman, akaondoka. Akabaki mweka hazina peke yake, na saini yake peke yake haikuwa na nguvu yoyote. Kwa kuwa pesa zilikuwa za dharura na dharura haikutokea, hakuna aliyeona haraka ya kwenda benki kubadilisha majina.

Hesabu ya sheria iliendelea. Machi 2021 miaka 5 ikatimia, Juni ikafunga hesabu, na kabla ya Novemba kuanza benki ikazipeleka. Sheria inaitaka benki imwandikie mwenye mali kwa anwani ya mwisho inayoijua. Anwani hiyo ilikuwa sanduku la posta la marehemu.

Mwanzoni mwa 2022 walitaka kununua mahema mapya. Mweka hazina akaenda kaunta. Yule kijana akaangalia skrini, akaangalia tena, akasema, "Mama, akaunti hii haina kitu." Mama wa watu alirudi nyumbani na habari hiyo mdomoni, na kwa wiki kadhaa aliitwa mwizi na wenzake aliochanga nao kwa miaka. Waliacha kumsalimia sokoni. Alipoomba taarifa kamili ya akaunti ichapishwe ndipo jambo likajulikana: mstari wa mwisho kabisa, tarehe ya Oktoba 2021, salio lote limetoka kwa mara moja, na pembeni herufi nne, UFAA. Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili. Mkiambiwa akaunti ni tupu, msimshuku mtu. Dai taarifa iliyochapishwa na usome mstari wa mwisho.

Kudai kulianzia mbali na UFAA kabisa. Cheti cha usajili kilikuwa kimeisha muda, na benki haizungumzi na kikundi ambacho kisheria hakipo. Ikabidi warudi ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho, wakihuishe kwanza. Ndipo ukaitwa mkutano wa kuchagua viongozi wapya. Kumbukumbu za mkutano wa kwanza benki ilizikataa kwa sababu mbili. Zilisema "tumechagua viongozi wapya" bila kueleza kila wa zamani ameondoka vipi, na kadi ya benki ilikuwa na jina la kikundi tofauti kidogo na lile la kwenye cheti: benki waliandika kikundi cha wanawake, cheti kikasema kikundi cha kujisaidia. Kwa macho ya benki hayo ni makundi mawili.

Zikaandikwa upya. Marehemu akatajwa kwa jina na nakala ya cheti cha kifo ikaambatishwa. Katibu akaandika barua ya kujiuzulu kwa mkono akiwa Muscat, akaipiga picha pamoja na ukurasa wa pasipoti, kisha akaituma ile halisi kwa mtu aliyekuwa akirudi likizo, kwa sababu benki ilitaka wino. Ofisi ya maendeleo ya jamii ikatoa barua kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni ya kikundi kimoja, na viongozi watatu wapya wakaweka saini mbele ya ofisa wa benki.

Kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. UFAA inalipa kwenye akaunti ya benki, na kwa kikundi akaunti hiyo lazima iwe kwa jina la kikundi na iwe hai. Kwa hiyo usikimbilie kujaza fomu ya madai huku akaunti bado imelala. Ifufueni kwanza au mfungue mpya. Ombeni pia barua ya benki inayotaja jina la akaunti, kiasi kilichopelekwa na tarehe. Hiyo ndiyo inayounganisha jina lenu na pesa zilizo kule. Fomu ya madai yenyewe huapishwa mbele ya kamishna wa viapo, na huandamana na cheti, kumbukumbu za mkutano, vitambulisho na pini za KRA. Sheria inaipa mamlaka siku 90 kulitolea dai uamuzi, lakini siku hizo huanza dai likiwa limewasilishwa likiwa kamili. Karatasi moja ikikosekana mnarudishwa.

Pesa zilikuja. Mweka hazina aliombwa radhi mbele ya kikao, na maneno hayo yakaandikwa kwenye kumbukumbu, kama alivyotaka.

Ndiyo maana nasisitiza: kama maagizo yenu ya akaunti yanamtaka mtu fulani lazima awepo, yabadilisheni sasa mkiwa wote wazima na mko karibu. Saini mbili kati ya tatu, yeyote na yeyote. Mwenzenu akipata kazi Ghuba, abadilishwe kabla hajapanda ndege, maana barua itakayosainiwa tawini leo bila gharama ndiyo itakayowasumbua kuipata mwakani. Na jina lililo kwenye kadi ya benki lilinganisheni na la kwenye cheti herufi kwa herufi.

Akaunti ya mtu binafsi ni rahisi zaidi mradi mwenyewe yupo hai na kitambulisho chake kinalingana na jina la benki. Aliyefungua kwa jina la ubini na sasa anatumia la mume aende na cheti cha ndoa au hati ya kiapo. Mwenye akaunti akifariki, msiifufue kwa kadi yake hata kama mnajua namba ya siri. Njia ni mirathi, mahakamani au kwa Kadhi kwa Waislamu, na kwa kawaida hati ya usimamizi huthibitishwa baada ya miezi sita, kwa hiyo aliyeanza mapema ndiye anayemaliza mapema.

Kuangalia kama kuna pesa zako UFAA ni kwa kubonyeza *361# au kwenye ufaa.go.ke kwa namba ya kitambulisho, na kudai ni bure. Anayekupigia akitaka ada ya "kufungua faili" au namba yako ya siri, kata simu. Angalieni pia majina ya wazazi, hisa ambazo gawio lake halijachukuliwa, bima iliyoiva, laini za zamani zilizokuwa na pesa za simu, mshahara wa mwisho wa kazi uliyoiacha. Na ukimaliza kuangalia yako, muulize mweka hazina wa chama chenu ni lini mara ya mwisho alipewa risiti na benki, na akuonyeshe.