Boti ifungue kumbukumbu kila ujumbe, au isubiri "kama kawaida"?

Mwongozo huu ni wa anayejenga boti ya kupokea oda kwenye WhatsApp na tayari ana hifadhidata ya wateja. Mfano wetu ni duka la chakula cha kuku mjini Mukono, Uganda. Wateja wake wako Seeta, Lugazi na Kayunga, wanachanganya Kiswahili, Kiganda na Kiingereza katika sentensi moja, na mzigo unawafikia kwa boda. Swali ni dogo lakini linaamua mengi: kabla ya kumjibu mteja, boti itafute yaliyopita kila mara, au itafute tu anapoyataja mwenyewe?

Wengi hupima jambo hili kwa kasi. Kwenye WhatsApp kasi si tatizo kubwa, kwa sababu mteja hasumbuki akisubiri sekunde moja zaidi. Tatizo ni uchafu. Ukitafuta kwa vekta, yaani kwa ukaribu wa maana, utafutaji hurudisha vipande, tuseme vitano, vinavyokaribiana zaidi na ujumbe, hata kama hakuna hata kimoja kinachohusika. Mteja akiuliza tu "mnafungua saa ngapi kesho?", modeli ya lugha inayoandika jibu inaletewa oda ya Aprili, malalamiko ya Machi na bei iliyokwishabadilika, kisha inaanza kuvichomeka kwenye jibu. Kila kipande kikiwa na tokeni 150, umelipia tokeni 750 ili kuharibu jibu ambalo lingekuwa la mstari mmoja.

Kusubiri mteja ataje nako kuna shimo lake. Mtu husema "kama mara ile" pale anapojua kwamba anakukumbusha kitu. Yale anayodhani unayajua tayari, kama mahali anapopokelea mzigo au aina ya kuku alionao, hayasemi kabisa.

Hatua ya 1: Gawa kumbukumbu mara mbili

Sehemu ya kwanza ni kadi ya mteja. Ni mistari michache ya mambo ambayo mteja anatarajia uyajue bila kukumbushwa. Hii inasomwa kabla ya kila jibu. Inapatikana kwa namba ya simu moja kwa moja, bila utafutaji wa vekta, kwa hiyo haina gharama ya kuzungumzia.

```
anapopokea: Lugazi, stendi ya boda
kuku: 200 wa mayai, walianguliwa 2/3
malipo: kwa simu, baada ya kupokea
oda zilizopita: 9, ya mwisho 4/4
```

Sehemu ya pili ni historia: oda zenyewe na mazungumzo ya zamani. Hii inafunguliwa kwa sababu maalumu tu.

Mstari wa mwisho wa kadi ndio wengi hawauweki, nao una kazi kubwa. Hausemi nini kiliagizwa, unasema tu kwamba kuna kitu cha kuangaliwa. Ukiiachia modeli iamue yenyewe lini iite zana ya kutafuta, bila mstari huu mara nyingi haiiti, kwa sababu haina dalili yoyote kwamba mteja huyu aliwahi kununua. Itamjibu kama mgeni, tena kwa ujasiri.

Kama mteja ana oda mbili au tatu tu na historia yake yote haizidi tokeni 300 hivi, iweke yote kwenye kadi na usihangaike na hatua ya 3 na ya 4 kwa mteja huyo. Uamuzi unakuwa mgumu historia inapokua.

Hatua ya 2: Subiri ujumbe ukamilike

Watu hawaandiki oda kwa mpigo mmoja. Inakuja "Habari", halafu "nataka chakula", halafu "ile ile". Boti inayoamua kwa kila kipande itaangalia "nataka chakula" peke yake na kuanza kuuliza maswali, huku jibu likiwa njiani. Subiri sekunde 4 baada ya ujumbe wa mwisho, unganisha vipande, ndipo uamue. Kisha angalia kwanza mazungumzo yaliyo wazi: "kama nilivyosema" mara nyingi inarejea dakika kumi zilizopita, na hilo halihitaji historia.

Hatua ya 3: Andika orodha ya maneno, na ujue mitego yake

Orodha ya maneno ni rahisi na inafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani, ilimradi iandikwe kwa lugha wanayoandika wateja. Usiitafsiri kutoka kwenye mfano wa Kiingereza uliouona mahali. Weka "kama kawaida", "kama mara ile", "kama juzi", "ya siku ile", na kwa Kiganda "nga bulijjo". Weka pia vifupisho: "km kawaida", "kama kawa".

Kiswahili kina ugumu wake hapa. Neno moja hubadilika kwa ngeli: ile ile, yale yale, ule ule, kile kile. Ukiweka "ile ile" peke yake, anayeagiza "magunia yale yale" atakupita. Lakini ukikimbilia kuweka "vile vile", utanasa kila mtu anayeongeza kitu kwenye oda, maana kwa wengi hiyo ni "pia" tu. "Tena" ni mtego mbaya zaidi: "niletee tena" inahitaji historia, "sitaki tena" haihitaji. Iache nje ya orodha. Na "kama kawaida yenu mmechelewa" ni malalamiko, si oda. Hiyo utaikamata kwa kuangalia kama neno linalofuata ni yenu au yako.

Ukanusho usikudanganye. "Sio kama mara ile" bado inahitaji historia, tena zaidi, kwa sababu lazima ujue ni kipi cha kukwepa.

Hatua ya 4: Ongeza kipimo cha pengo

Hapa ndipo mfumo unaposimama. Oda kamili ya chakula cha kuku ina vitu vitatu: aina, idadi ya magunia, na mahali pa kupeleka. Mteja akiandika "nitumie magunia 4" hakuna neno lolote la kurejea nyuma, lakini aina haipo. Pengo hilo lenyewe ndilo ombi la kumbukumbu.

```python
def fungua_historia(ujumbe, oda):
    if ALAMA.search(ujumbe):
        return "alama"
    if oda.imeanza and oda.pengo():
        return "pengo"
    return None
```

`ALAMA` ni orodha ya hatua ya 3 iliyogeuzwa kuwa regex kwa `re.compile`, bila kujali herufi kubwa au ndogo. `oda.imeanza` ni kweli mteja akishaanza kuagiza. `oda.pengo()` hurudisha kisichojazwa baada ya kusoma ujumbe pamoja na kadi. Mahali pa kupeleka pamo kwenye kadi, kwa hiyo si pengo. Aina haimo, na haipaswi kuwamo, kwa sababu inabadilika. `fungua_historia` ikirudisha `None`, jibu linaandikwa kwa kadi peke yake.

Historia ikifunguliwa kwa sababu ya pengo, usitafute kwa vekta. Unajua unachotafuta: aina ya chakula katika oda ya mwisho. Soma rekodi hiyo moja kutoka hifadhidata. Vekta ibaki kwa maswali yenye ukungu, kama "ile dawa mliyonishauri kuku walipokuwa wanaharisha".

Hatua ya 5: Pima umri wa kilichopatikana

Tuchukue mteja wa kadi ya hapo juu. Tarehe 12 Mei anaandika: "Niletee magunia 4 kama mara ile." Alama imeonekana, historia inafunguliwa, na oda ya 4 Aprili inasema: chakula cha vifaranga, magunia 4. Boti ya haraka inathibitisha oda na boda anaondoka.

Lakini kuku walioanguliwa 2 Machi, tarehe 12 Mei wana siku 71, yaani wiki 10. Kuku wa mayai hula chakula cha vifaranga hadi wiki 8 hivi, kisha wanahamia chakula cha kukuzia hadi karibu na kutaga, kwenye wiki 18 hivi. Mteja hakukosea. Kwake "kama mara ile" ilimaanisha magunia manne, pale pale Lugazi. Kumbukumbu ilikuwa sahihi, ila imepitwa na wakati. Hapa hasara ni ya pesa tu, kwa sababu chakula cha vifaranga kina protini nyingi zaidi na bei yake iko juu. Kosa la kinyume lina madhara: chakula cha kutagia kina kalsiamu nyingi, na kuku wachanga wakikila kwa muda mrefu figo zao huumia.

Kwa hiyo kila kitu kwenye historia kiwe na tarehe, na kila aina ya taarifa iwe na muda wake wa kuaminika. Mahali pa kupokea unaweza kupaamini hadi mteja aseme amehama. Bei usiichukue kutoka historia hata siku moja, isome kwenye orodha ya leo. Aina ya chakula ihesabiwe upya kwa umri wa kuku kila mara. Jibu linalotakiwa ni hili:

"Sawa mzee, magunia 4, Lugazi stendi. Mara ile ulichukua cha vifaranga, lakini kuku wako sasa wana kama wiki 10. Tukuletee cha kukuzia?"

Tazama kwamba boti inasema ilichokumbuka. Mteja akiona tarehe au aina isiyo sahihi, anasahihisha kabla gunia halijapanda boda.

Hatua ya 6: Pima kwa ujumbe wenu wenyewe

Chukua ujumbe 300 wa kweli, ondoa majina na namba, na watu wawili waweke alama kwa mkono: huu unahitaji historia, huu hauhitaji. Endesha `fungua_historia` ya hatua ya 4 juu yake na uhesabu makosa ya aina mbili: uliokosa kufungua, na uliofungua bure.

Makosa haya hayana bei sawa. Ukikosa kufungua, gharama ni swali moja la ziada kwa mteja. Ukifungua bure na kuamini ulichokikuta, gharama ni safari ya boda kwenda na kurudi Lugazi. Ndiyo maana orodha ya hatua ya 3 iwe fupi, na kazi ya kunasa vilivyobaki iachiwe pengo.

Baada ya kuwasha mfumo, hifadhi `alama`, `pengo` au `None` kwa kila jibu, na hesabu mara ngapi ujumbe unaofuata una "hapana", "siyo hiyo" au "nedda" ya Kiganda. Masahihisho yakijaa upande wa `alama`, kuna neno kwenye orodha linalonasa visivyo. Yakijaa upande wa `None`, kuna jambo linalopaswa kuwa kwenye kadi na halipo.

Kuna kosa moja ambalo takwimu hizi hulificha: simu ya nyumba nzima. Namba ni moja, lakini leo anaandika mama mwenye kuku wa mayai, kesho mwanawe mwenye kuku wa nyama. Dalili ni masahihisho yanayokuja kwa zamu kutoka namba ile ile. Kwa namba kama hiyo, weka makundi mawili ya kuku kwenye kadi na uzime kufungua historia kwa `alama` na kwa `pengo`, ili boti iulize "ni ya wale wa mayai au wa nyama?" kabla ya kufungua chochote.