Zima usimamizi wa ruta kutoka nje, kisha hakikisha kwa simu

Ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, fungua 192.168.0.1 au 192.168.1.1 (anwani sahihi kwa kawaida imebandikwa chini ya ruta), ingia, kisha tafuta `Remote Management`. Kwenye baadhi ya ruta huitwa `Remote Access`. Izime na uhifadhi. Kuanzia hapo ruta inafungua ukurasa wa usimamizi kwa walio ndani tu. Ombi kutoka intaneti hutupwa kabla hata ya kuulizwa nywila, kwa hiyo anayebahatisha nywila hana pa kuanzia.

Usiridhike bila kujaribu. Soma anwani ya WAN, yaani anwani ya ruta upande wa intaneti, kwenye ukurasa wa hali ya ruta, kumbuka pia namba ya poti iliyokuwa kwenye mpangilio ule, mara nyingi 8080. Zima waifai kwenye simu, tumia data, kisha andika kwa mfano `http://203.0.113.25:8080`. Ikizunguka mpaka ikate, imefungwa. Jaribio la ndani ya waifai hudanganya, maana ruta nyingi hukuletea ukurasa hata ukiandika anwani ya nje. Na kama anwani ya WAN inaanza na 10, kwa kawaida mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo jaribio halithibitishi kitu, lakini zima tu.

Hatua hii haizuii kompyuta yenye virusi iliyo ndani, wala programu ya simu inayosimamia ruta kupitia seva za mtengenezaji. Hiyo ina swichi yake. Ukirudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, kagua upya.