Kabla ya kuamini namba ya FIB-4: mambo ya kuzingatia kwa mwenye uzito mkubwa na mafuta kwenye ini

Mtu mzima mwenye uzito uliozidi anafanyiwa picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, karatasi inarudi imeandikwa "ini lina mafuta, daraja la pili", na hapo hapo anadhani ini limeharibika nusu. Daraja hilo linaeleza kiasi cha mafuta yanavyoonekana kwenye picha, basi. Kovu ni jambo lingine. Ini linaweza kujaa mafuta bila kovu lolote la maana, na ini lenye kovu kubwa linaweza kuwa limeshapoteza sehemu ya mafuta yake, likaonekana nafuu kuliko lilivyo. Na linaloamua hatari ya mbele, yaani ini kushindwa kazi au kupata saratani, ni kovu zaidi kuliko mafuta. Ndiyo maana baada ya picha hiyo hupigwa hesabu ya FIB-4, inayotumia umri, vimeng'enya viwili vya ini viitwavyo AST na ALT, na chembe sahani za damu. Hesabu yenyewe ni ya dakika moja. Kazi iko katika kuhakikisha namba zinazoingia ni za kweli.

Fomula ni hii:

```
FIB-4 = (umri × AST) / (PLT × √ALT)
```

Umri ni kwa miaka. AST na ALT ni kwa U/L. PLT ni chembe sahani kwa kipimo cha 10^9/L, na hapa ndipo wengi huteleza. Maabara moja huandika 190, nyingine 190,000 kwa kila mikrolita moja ya damu. Ni kitu kile kile, lakini fomula inataka 190. Ukiingiza 190,000 utapata namba ndogo mno, sifuri nukta sifuri sifuri na kitu, na mtu asiyejua ataifurahia. Jibu lililo chini ya 0.1 lisikufurahishe, rudi ukague kipimo cha chembe sahani. Kosa la pili ni kusahau kipeuo cha pili cha ALT na kugawanya kwa ALT nzima. La tatu ni kubadilisha AST na ALT nafasi zake, kwa kuwa majina yanafanana na kwenye karatasi hukaa jirani.

Uzito haumo kwenye fomula. Unene, kisukari na shinikizo la damu ndiyo sababu za kupimwa, lakini kilo zikiongezeka au kupungua haziigusi hesabu moja kwa moja. Kwa hiyo FIB-4 haikuambii kama una mafuta kwenye ini. Inajaribu kujibu swali moja tu: je, kuna uwezekano mkubwa wa kovu lililokomaa, la hatua ya tatu au ya nne kati ya nne?

Tuchukue mtu wa miaka 52, kilo 94, urefu mita 1.68, mwenye kisukari. Majibu yake ni AST 48, ALT 62, chembe sahani 190. Umri mara AST ni 2,496. Kipeuo cha pili cha 62 ni 7.87, ukizidisha kwa 190 unapata kama 1,496. Gawanya: 1.67. Chini ya 1.3 huhesabiwa kuwa hatari ndogo ya kovu lililokomaa, juu ya 2.67 hatari kubwa, na katikati ni eneo lisilo na jibu. Huyu yuko katikati.

Kabla ya kumpeleka kipimo cha pili, aulizwe kuhusu siku chache zilizotangulia damu. AST haitoki kwenye ini peke yake. Imo pia kwenye misuli na kwenye chembe nyekundu. Mtu aliyeanza mazoezi ya kubeba vyuma, au aliyekimbia umbali asiouzoea, anaweza kuwa na AST iliyopanda kwa siku kadhaa, mara nyingine wiki nzima, ini likiwa halihusiki. Na wenye uzito mkubwa ndio hasa wanaoshauriwa kuanza mazoezi wiki ile ile waliyoandikiwa vipimo. Tuseme huyu wetu alikuwa ameanza hivyo. Anapumzika na mazoezi mazito kwa wiki moja, damu inachukuliwa tena: AST 36, ALT 55, chembe sahani 205. Sasa hesabu ni 1,872 kugawanya kwa 1,520, sawa na 1.23. Ametoka eneo la shaka na kuingia upande wa hatari ndogo. Namba iliyokaa karibu hivyo na mpaka isichukuliwe kama hati ya usalama, lakini haidai hatua za haraka.

Sampuli yenyewe nayo hudanganya. Damu iliyovutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, au iliyotikiswa ovyo, hupasua chembe nyekundu na kumwaga AST yake ndani ya majimaji, ambayo hugeuka rangi ya waridi. Maabara makini huandika kwamba sampuli imepasuka chembe. Ukiona maelezo hayo, usipige hesabu, omba damu nyingine. Chembe sahani nazo hushikamana mafungu mafungu kwenye kichupa cha kawaida chenye dawa ya kuzuia kuganda, mashine ikahesabu fungu zima kama kitu kimoja au isilione kabisa. Idadi inashuka kwenye karatasi tu, na FIB-4 inapanda bure. Idadi ikiwa ndogo kwa mtu asiye na dalili yoyote, fundi aangalie tone la damu kwa hadubini, au sampuli irudiwe kwenye kichupa chenye sitrati.

Usipimwe ukiwa mgonjwa. Malaria na dengi hushusha chembe sahani. Homa ya ini ya ghafla hurusha vimeng'enya hadi mamia. Katika hali hizo fomula itatoa namba kubwa isiyosema lolote kuhusu kovu. Subiri upone kabisa, wiki kadhaa baadaye, ndipo upime. Dawa za kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa na parasetamoli kwa dozi kubwa nazo hugusa vimeng'enya, pamoja na mitishamba ambayo watu hawaitaji kwa kuwa hawaihesabu kama dawa. Orodhesha kila kitu unachomeza. Usiache dawa uliyoandikiwa ili tu namba ipendeze.

Pombe itajwe kwa kiasi chake halisi, kwa sababu huwa inapandisha AST kuliko ALT, na pia huweza kushusha chembe sahani. Kipimo cha homa ya ini B na C kifanyike kabla ya mafuta kubebeshwa lawama yote. Kufunga kula si lazima kwa ajili ya FIB-4, ila sukari na mafuta ya damu vikipimwa siku hiyo hiyo, maabara inaweza kukutaka ufunge. Lililo la lazima ni AST, ALT na chembe sahani zitoke kwenye damu ya siku moja. AST ya mwaka jana ikichanganywa na chembe sahani za leo, jibu ni la mtu asiyekuwepo.

Umri una uzito wake. Chukua AST 40, ALT 36, chembe sahani 220. Akiwa na miaka 35 mtu huyo anapata 1.06. Damu hiyo hiyo, akiwa na miaka 65, inatoa 1.97. Ini halijabadilika hata kidogo, kilichozidishwa ni miaka. Ndiyo maana kuanzia miaka 65 mpaka wa chini husogezwa hadi 2.0 badala ya 1.3, vinginevyo wazee wengi wasio na kovu wangetiliwa shaka bure. Kinyume chake, chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki sana, na namba ndogo kwa kijana mnene mwenye kisukari isifunge mjadala.

Sasa upande ambao hudharauliwa zaidi: majibu "ya kawaida". Mtu wa miaka 63 ana AST 38, ALT 25, chembe sahani 150. Kwenye maabara nyingi hakuna hata namba moja iliyowekewa alama nyekundu. Piga hesabu: 63 mara 38 ni 2,394, kipeuo cha pili cha 25 ni 5, mara 150 ni 750. Jibu ni 3.19, juu kabisa ya 2.67. Si kosa la fomula. Kovu linapokomaa, ALT mara nyingi hushuka huku AST ikibaki juu yake. Damu hupita kwa shida kwenye ini gumu, shinikizo linarudi nyuma kwenye bandama, bandama inavimba na kuzuia chembe sahani ndani yake. Ini lenyewe nalo hupunguza kutengeneza homoni inayochochea chembe hizo. Kwa hiyo chembe sahani zilizokuwa 260 miaka kadhaa iliyopita na sasa ni 150 zinaeleza jambo, hata kama zote mbili ziko "ndani ya kiwango". Tafuta karatasi za zamani na uende nazo.

Hata hivyo 3.19 si utambuzi wa sirosisi, yaani kovu lililoenea ini zima. Nguvu ya FIB-4 ni kuondoa shaka, yaani ikiwa chini, kovu lililokomaa ni nadra. Ikiwa juu, wengi wataonekana baadaye kuwa hawana kovu la kiwango hicho. Aliye juu ya 2.67 apelekwe kwa daktari wa ini. Aliye katikati apimwe ugumu wa ini kwa kifaa kinachotuma mtikisiko kupitia mbavu. Kwa kipimo hiki, funga kula angalau saa tatu, kwa sababu chakula huongeza mtiririko wa damu kwenye ini na kulifanya lionekane gumu. Kwa mwenye mwili mkubwa, uliza kama kuna kichwa cha kifaa cha saizi kubwa, kwani kile cha kawaida kinaweza kushindwa kupenya mafuta ya chini ya ngozi na kutoa majibu yasiyotulia. Chini ya kilopaskali 8 kwa kawaida hutuliza shaka. Juu ya 12 huongeza uzito wa kovu lililokomaa.

Aliye chini ya mpaka arudie hesabu kila mwaka au miaka miwili kama ana kisukari au vihatarishi zaidi ya kimoja, na miaka miwili hadi mitatu kama hana. Arudie kwenye maabara ile ile ikiwezekana, na aandike pembeni umri aliokuwa nao, AST, ALT na chembe sahani, siyo jibu la mwisho peke yake. Namba ikipanda kutoka 1.1 hadi 1.4, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kama kilichopanda ni miaka tu, au ni chembe sahani zinazoshuka.