Mkataba wa mfumo: kabla hujajaza stoo, soma mnunuzi ameahidi nini

Mteja wangu mmoja, muuza nafaka wa Kibuye hapa Kisumu, alitia sahihi mkataba wa mfumo na shule ya bweni ya kibinafsi. Karatasi ilisema maharagwe "yanakadiriwa kuwa magunia 240 kwa mwaka", shilingi 9,000 kwa gunia la kilo 90. Alikopa kwenye chama, akanunua magunia 120 kwa 7,800, akayapanga stoo. Muhula wa kwanza shule iliitisha 40 tu. Aliponijia alikuwa na swali moja: naweza kuwashtaki?

Ukiwa na mkataba wa namna hii mkononi, upitie hivi.

Hatua ya 1: Tafuta kitenzi kinachomfunga mnunuzi

Mkataba wa mfumo huweka bei, ubora, muda na namna ya kulipa. Mzigo wenyewe huitishwa baadaye, oda kwa oda. Kwa hiyo chukua kalamu utafute mahali palipoandikwa kwamba mnunuzi *ataagiza*, na kiasi kisichopungua fulani. Ukikuta "anaweza kuagiza", "kadiri atakavyohitaji" au "makadirio", hajaahidi kununua hata gunia moja. Makadirio ni ya kupangia tu, hata yawe yamechapwa kwa herufi nzito.

Kwa mama huyu hapakuwa na kiwango cha chini, wala shule haikuahidi kununua kwake pekee. Ilibidi nimwambie ukweli: hana kesi. Magunia 80 yalikuwa yameanza kuingia fukusi, akayauza kwa 7,000. Hapo zilienda shilingi 64,000, na shule haikuwa imevunja neno lolote.

Hatua ya 2: Jua oda inakufunga lini

Mwezi wa tano akanipigia simu. "Kaka, wameitisha 30, na sokoni gunia ni 10,200. Si nikatae tu? Wao pia hawakununua."

Hapa wengi huteleza. Mnunuzi kuwa huru kutoagiza hakukufanyi wewe uwe huru kutopeleka. Bei yako kwenye mkataba ni kama ofa iliyoachwa wazi, na kila oda inayofika inaikubali ofa hiyo kwa kiasi kile. Papo hapo unazaliwa mkataba kamili wa magunia 30, unaobeba masharti yote ya mkataba mama.

Kesi ya zamani ya Uingereza, Great Northern Railway dhidi ya Witham ya 1873, ilihusu jambo hilihili. Witham alikubali kuipa kampuni ya reli vyuma kwa miezi 12, kwa kiasi ambacho ingeagiza. Alipeleka oda kadhaa, kisha akakataa moja. Mahakama ilisema oda ile ilimfunga, ingawa kampuni haikuwa imeahidi kuagiza chochote. Sheria yetu ya mikataba, Sura ya 23, inaegemea common law ya Uingereza, yaani sheria inayotokana na hukumu za mahakama, ndiyo maana kesi hiyo inatuhusu.

Basi akapeleka 30 kwa hasara ya 36,000. Kukataa kungeipa shule haki ya kununua kwingine na kumdai tofauti ya bei, tena na jina lake likaharibika.

Angalia pia oda inatakiwa ije kwa njia gani. Kama mkataba unataka LPO, yaani hati rasmi ya oda, iliyotiwa sahihi, usipakie lori kwa simu ya mpishi.

Hatua ya 3: Tafuta mlango wa kutokea

Ofa ambayo mnunuzi hajaitolea chochote unaweza kuiondoa kwa oda zijazo, kabla hazijafika. Lakini kama mkataba una kifungu cha notisi, kifuate. Chake kilikuwa siku 30. Aliandika notisi siku ileile, na nikamwonya: oda itakayoingia ndani ya siku hizo 30 bado ni yake.

Hatua ya 4: Jadili kabla ya sahihi

Omba moja kati ya mawili. La kwanza ni kiwango cha chini. La pili ni ahadi kwamba maharagwe *yote* shule itakayohitaji itanunua kwako. Hii ya pili ni dhaifu zaidi, kwani wakihamia ndengu huna dai, ila inawazuia kukuzunguka na kununua kwa jirani yako.

Kwa taasisi za umma usitegemee hiyo ya pili. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinataka wauzaji wasiopungua saba kwa kila kundi la bidhaa, na mkataba usizidi miaka mitatu. Kuwa kwenye orodha ya wauzaji hao kunakupa nafasi ya kuitishwa, basi.

Shule ilipotaka mkataba mpya, tuliandika hivi: "Mnunuzi ataagiza si chini ya magunia 100 ndani ya miezi 12. Yakipungua, atalipa shilingi 1,000 kwa kila gunia lililopungua." Hiyo 1,000 tuliikokotoa kutokana na faida yake halisi kwa gunia, kwa sababu kiasi kilichotiwa chumvi mahakama inaweza kukiona adhabu na kukikataa. Bei nayo sasa inapitiwa kila mwanzo wa muhula. Safari hii amenunua magunia 50, na mengine atafuata LPO ikifika.