Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima Aldehidi, Ketoni, Alkoholi na Fenoli

Tuseme mezani kuna chupa nne zisizo na lebo, na unachojua ni kwamba zina ethanali, propanoni, ethanoli na myeyusho hafifu wa fenoli, bila kujua ipi ni ipi. Kabla ya kugusa dawa yoyote, panga mfuatano wa majaribio, kwa sababu jaribio la iodofomu, ambalo wengi hulikimbilia, litatoa mashapo ya manjano kwa chupa tatu kati ya hizo nne. Hulitambua kundi la CH₃CO– na pia CH₃CH(OH)–, kwa hiyo ethanali, propanoni na ethanoli zote hujibu, na kwa chupa hizi halitenganishi lolote kati ya hayo matatu.

Anza na fenoli. Matone machache ya kloridi ya feri isiyo na asidi ya ziada huigeuza kuwa zambarau, wakati ethanoli haigeuki. Inafaa fenoli iondolewe mapema, kwa kuwa nayo humenyuka na iodini ndani ya alkali na inaweza kutoa mashapo yatakayokupotosha. Vaa glovu, kwani fenoli huunguza ngozi, na mara nyingi hutia ganzi mahali ilipodondokea, hivyo mtu huchelewa kugundua.

Chupa tatu zilizobaki zipelekwe kwenye jaribio la kioo cha fedha, ambalo kati yake ni ethanali pekee hutoa kioo, na hapa maandalizi ndiyo huamua matokeo. Testi tyubu ioshwe kwa myeyusho moto wa haidroksidi ya sodiamu ili mafuta yaondoke, kisha isuuzwe mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba huwa na kloridi, nayo hukutana na fedha na kuacha ukungu mweupe. Mimi mwenyewe niliwahi kupata unga wa kijivu badala ya kioo, nikalaumu dawa kwa nusu saa nzima, kumbe alama za vidole vyangu zilikuwa ndani ya mdomo wa testi tyubu.

Yeyusha gramu 1.7 za nitrati ya fedha katika maji hadi yafike mililita 100, kisha chukua mililita 2 na uongeze tone moja la haidroksidi ya sodiamu. Yatatokea mashapo ya kahawia, ambayo ni oksidi ya fedha. Dondosha amonia hafifu tone kwa tone, ukitikisa kila mara, na usimame pale mashapo yanapokaribia kuisha, hata kama chembe chache zimebaki, kwa kuwa amonia ikizidi jaribio hupoteza wepesi wake. Tengeneza kiasi cha siku hiyo tu. Myeyusho huu ukiachwa hutengeneza misombo ya fedha yenye kulipuka, kwa hiyo beseni lenye asidi ya nitriki hafifu liwe tayari kuupokea mara kazi inapoisha.

Weka sampuli matone 3 hadi 5, kisha tumbukiza testi tyubu katika maji ya moto ya nyuzi 50 au hivi, mbali na mwali wa moto. Propanoni huchemka kwenye nyuzi 56, na mvuke wake hushika moto upesi. Ethanali nayo huchemka kwenye nyuzi 20 au 21, chini ya joto la kawaida la Dar es Salaam au Mombasa, hivyo, kwa kuwa hujui ipi ni yake, chupa zote zipozwe kwenye barafu kabla ya kufunguliwa, la sivyo kizibo kitaruka. Chupa iliyofunguliwa siku nyingi huenda imekwisha kugeuka kuwa asidi ya ethanoiki, na hapo hutaona kioo ingawa chupa ilikuwa ya ethanali. Ndiyo maana testi tyubu moja yenye glukosi, ambayo hutoa kioo kwa uhakika, iandaliwe pembeni, na nyingine yenye maji matupu.

Mbili za mwisho, propanoni na ethanoli, zitenganishwe kwa dikromati ya potasi yenye asidi ya salfuriki na joto kidogo: ethanoli huigeuza kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani, na propanoni huiacha ilivyo. Dikromati ni sumu, isimwagwe sinkini. Iodofomu itumike mwishoni, kuthibitisha tu, ukiongeza haidroksidi ya sodiamu kwenye mchanganyiko wa sampuli na iodini hadi rangi ipauke. Propanoni hujibu upesi bila moto, ethanoli huhitaji kupashwa. Testi tyubu za jaribio hili zisisuuzwe kwa asetoni wala spiriti ili zikauke upesi, kwa sababu mabaki hayo yenyewe hutoa mashapo ya manjano, na hata maji matupu yataonekana kama sampuli.