SOMO: Kusoma hesabu za kampuni kabla ya kutuma maombi ya kazi

Wengi wakitaka kujua kama kampuni iko imara hutazama faida. Mimi naanza na fedha taslimu, kwa sababu ndizo zinazolipa mishahara. Kampuni inaweza kuandika faida kwa mali iliyouza kwa mkopo kabla haijapokea hata senti.

Hatua ya 1. Tafuta taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka mitatu mfululizo. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa huziweka kwenye tovuti zao.

Hatua ya 2. Soma kwanza ripoti ya mkaguzi. Ukikuta ameeleza kuwepo kwa mashaka makubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake, rudi kwenye tangazo la kazi ukiwa na tahadhari. Wakaguzi hawaandiki maneno hayo ovyo.

Hatua ya 3. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, utafute mstari wa fedha zilizotokana na shughuli za uendeshaji. Uweke kando ya faida, mwaka kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Faida ya kampuni imepanda kutoka milioni 90 hadi 105, kisha 120. Inapendeza. Lakini fedha za uendeshaji zilikuwa milioni 80, zikashuka hadi 20, na mwaka wa tatu zikawa hasi 40. Zimekwenda wapi? Mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, inajibu: madeni ambayo wateja hawajalipa yametoka milioni 100 hadi 260, ilhali mauzo yamekua kutoka 600 hadi 700 tu. Gawanya madeni hayo kwa mauzo, zidisha kwa 365: zamani wateja walilipa baada ya siku 61 hivi, sasa ni 136. Benki kuna milioni 30, na mikopo ya milioni 150 inaiva ndani ya miezi 12. Hapo bila mkopo mpya au wateja kulipa, mishahara itachelewa.

Mwaka mmoja mbaya haunitishi sana, maana kampuni inayokua haraka hununua bidhaa nyingi kabla ya kuuza. Mwelekeo wa miaka mitatu ndio unaonipa wasiwasi.

MASWALI

Mwalimu, kampuni ninayoitaka ni ya binafsi, hesabu haitoi. Nifanyeje?
Ndugu, waulize wanaoiuzia bidhaa kama wanalipwa kwa wakati. Waulize pia waliowahi kufanya kazi pale kama makato yao ya pensheni yalifika kwenye mfuko. Kampuni iliyobanwa mara nyingi huanza kuchelewesha huko kabla ya kugusa mshahara.

Na kampuni changa ambayo bado inakula hasara?
Hasara peke yake si kigezo. Kwenye usaili uliza fedha zilizopo zitatosha miezi mingapi kwa matumizi ya sasa. Chini ya sita, na mwekezaji mpya hajasaini, mimi nisingeacha kazi niliyonayo.

Hesabu nilizopata ni za mwaka jana. Zinafaa?
Zinafaa kuonyesha mwelekeo, dada. Ila zinaishia tarehe ya kufunga mwaka, kwa hiyo tafuta pia ripoti ya nusu mwaka kama ipo.